Hadithi za mtoto anayeanza kusoma peke yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa na waandishi wanaotaka kutunga kwa Kiswahili kitabu ambacho mtoto atakishika mwenyewe, akisome mwanzo hadi mwisho bila mtu mzima kumnong'oneza maneno. Majibu mengi yanazunguka jambo moja: Kiswahili hubeba habari nyingi ndani ya neno, kwa hiyo sentensi yenye maneno machache inaweza kuwa nzito kuliko ndefu.

## Mambo ya mwanzo

Msomaji anayeanza ni nani hasa?

Ni mtoto ambaye ameshazijua irabu na silabi nyepesi za ba, be, bi, bo, bu, anaweza kuziunganisha kuwa neno, lakini bado anaunganisha kwa jasho. Hutumia kidole. Anatamka "ko-fi-a", ananyamaza kidogo, kisha anasema "kofia!" kwa sauti ya mtu aliyepata kitu. Umri si kipimo. Kipimo ni hicho kimya kidogo kati ya silabi na neno.

Mtoto huyo hana shida ya lugha. Masikioni anaelewa hadithi ndefu zenye majini na safari za mbali. Kinachombana ni macho na kumbukumbu: akifika mwisho wa sentensi, awe bado anakumbuka mwanzo wake. Kila ushauri ulio hapa chini unatokana na kibano hicho.

Je, kitabu hiki ni tofauti na kile cha kumsomea mtoto?

Tofauti kabisa, na kuvichanganya ndilo kosa ninaloliona zaidi ya mengine yote. Kitabu cha kusomewa kinaweza kuwa na maneno mapya na sentensi zenye mikunjo, kwa sababu sauti ya msomaji mzima hubeba maana. Kitabu cha kujisomea hakina sauti hiyo. Ukijaribu mswada wako kwa kumsomea mtoto akafurahi, bado hujajua lolote kuhusu kazi yako. Mpe aushike yeye, wewe ukae kimya.

Sentensi iwe na maneno mangapi?

Kwa kitabu cha kwanza kabisa, matatu hadi matano. Lakini usihesabu maneno peke yake, hesabu na silabi. "Hatutawapelekea" ni neno moja lenye silabi nane, na kwa maana yake ni sentensi nzima. "Sada ana kofia" ni maneno matatu yenye silabi saba, na mtoto anapata pumziko mara mbili katikati.

Mimi hujiwekea mpaka huu: maneno mengi yawe ya silabi mbili au tatu, na la silabi tano liwe moja tu katika kitabu kizima, tena lirudiwe vya kutosha ili jasho la mara ya kwanza lilipwe.

## Maneno

Kwa nini vitenzi ndivyo vinavyowakwamisha watoto?

Kwa sababu ya mpangilio wa kitenzi chetu. Mzizi, yaani sehemu inayosema ni tendo gani, hukaa nyuma. Katika "alimfuata", mtoto anapita a-, anapita -li-, anapita -m-, na hapo bado hajajua kama mtu huyu alikimbia, alilala au alipiga kelele. Lazima azishike silabi tatu mkononi ndipo afike kwenye tendo. Msomaji mzoefu huona neno zima kwa mkupuo. Anayeanza hulipanda kama ngazi.

Dawa ni kupunguza vidato. Kwanza, epuka amba- na virejeshi: "aliyoipenda" ina silabi sita na mkunjo wa maana ndani yake. Pili, chagua kitu kinachotafutwa, kinachobebwa au kinachoangushwa kiwe kisicho hai. Ukiandika kwamba Sada anamtafuta paka, Kiswahili kinakudai -m-, na ukiandika "anatafuta kofia" hakikudai chochote. Silabi moja imepungua na sentensi imebaki sanifu.

Nimeambiwa nirudie maneno. Mbona watoto bado wanakwama kwenye neno nililolirudia?

Tazama vizuri kama umelirudia kweli. Mwandishi akilini mwake amerudia "kubwa", lakini kwenye karatasi ameandika "mkubwa", "kikubwa", "makubwa" na "wakubwa". Kwa mtoto anayesoma kwa kidole hayo ni maneno manne, kila moja linaanza kwa sura nyingine, na mwanzo wa neno ndipo macho yake yanapotua.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza katika kutunga, hata kabla ya kisa, ni ngeli. Chagua vitu vya ngeli moja vizunguke katika hadithi. Ngeli ya I-ZI ina faida yake: kofia, meza, nguo, kalamu na ndoo hazibadiliki umbo zikiwa nyingi, na "kubwa" hubaki "kubwa". Ukiwa na kiti, kitabu na kikapu, basi kaa kwenye KI-VI na umoja wake, usirukie wingi bila sababu. Mabadiliko ya umbo yakija, yaje mahali ambapo kisa nacho kinabadilika. Mfano kamili ulio chini unaonyesha hilo.

Nitumie wakati gani: -na-, -li- au -ka-?

Chagua -na- au -li-, mmoja tu, ukae nao. Mimi huanza na -na-, kwa sababu picha nayo inaonyesha jambo linalotendeka sasa, na mtoto anaweza kulinganisha neno na picha bila kukisia.

Swali la -ka- ni gumu zaidi, maana ndiyo sauti ya masimulizi yetu: akaenda, akaona, akarudi. Masikioni ni tamu. Kwa macho ya anayeanza ina mtego mmoja, nao ni vitenzi vya silabi moja. "Anakula" ina -kula ndani yake, neno ambalo mtoto analijua. "Akala" imeitupa ile -ku-. Vivyo hivyo "anakuja" na "akaja", "anakunywa" na "akanywa". Niliwahi kuandika hadithi ya nyani iliyojaa "akala". Mtoto wa kwanza kuisoma alisoma "akalala" ukurasa baada ya ukurasa, na mwishoni akaniuliza kwa nini nyani yule halali kitandani. Alikuwa amesoma kwa bidii na amepata kisa kingine kabisa. Kosa lilikuwa langu. Ukitaka -ka-, iache mpaka kitabu cha pili au cha tatu, na uanze na vitenzi visivyobadilika, kama "akaona" na "akaruka".

Herufi zipi nizicheleweshe?

Zinazokaa mbili au tatu kwa sauti moja: ng', ny, sh, ch, th, dh, gh. Halafu mafungu mazito kama nyw, ngw na mbw. Si lazima yakimbiwe yote. "Ch" moja inayorudi katika "chini" ukurasa huu na ule inafundisha. Ila "ny" na "ng'" na "dh" katika sentensi moja zinavunja moyo.

Angalia pia M inayosimama peke yake. "Mti" ni silabi mbili, "mtoto" ni tatu, na mtoto aliyezoea konsonanti na irabu yake hutafuta irabu ambayo haipo, akasoma "muti". Hilo hupita lenyewe, lakini usimrundikie "mti, mtu, mto, mkono" katika ukurasa wa kwanza.

Tanakali za sauti zinafaa?

Zinafaa sana, na waandishi wengi huzisahau. "Pu!", "chubwi!", "jii", "miau": ni fupi, zina uhai, na mtoto akizipata hucheka, kisha hurudia kuzisoma bila kuombwa. Ziweke peke yake katika mstari wake. Ukurasa wenye tanakali tu ni mapumziko baada ya kurasa nzito.

Na majina ya wahusika?

Jina ni neno kama mengine, tena ndilo litakalorudiwa zaidi. Sada, Musa na Tatu yanasomeka. "Mwanaidi" ni jina zuri kwa kitabu cha baadaye. Epuka pia majina mawili yanayofanana mwanzo, kama Sada na Sara. Mtoto husoma herufi mbili za kwanza na kukisia zilizobaki.

## Kisa

Kisa cha namna gani mtoto anaweza kukifuata peke yake?

Mhusika mmoja anataka kitu kimoja. Anajaribu mara tatu kwa namna inayofanana, anashindwa, kisha kitu kidogo kinageuka. Hilo linatosha. Mara tatu si uchawi. Ni kwamba mara ya kwanza mtoto anasoma maneno, mara ya pili anayatambua, na mara ya tatu anayajua kabla hajafika, hivyo akili yake inabaki huru kujiuliza "sasa itakuwaje?"

Upole wa kisa una maana yake hapa. Msomaji huyu akiogopa hana mtu wa kumshika mkono, na akipotea hana wa kumuuliza. Hivyo hasara iwe ndogo na inayorekebishika: kitu kimepotea, mvua imenyesha, rafiki amechelewa. Usiruke wakati wala mahali bila picha kuonyesha, na asiwepo mhusika anayejificha nyuma ya jina jingine.

Naomba mfano kamili, toka mswada mbovu hadi ulionyooka.

Huu hapa mwanzo wa mswada wa aina ninayoletewa mara nyingi:

*Siku moja Sada alipoamka asubuhi aligundua kwamba kofia yake aliyoipenda haikuwepo mahali alipoiweka.*

Maneno ni 13 tu na Kiswahili chake hakina kasoro. Lakini "alipoamka", "aliyoipenda" na "alipoiweka" yana silabi sita kila moja, na yote matatu yanaanza kwa "ali". Mtoto akifika la tatu hajui tena yuko kwenye lipi. Tukiuliza kisa kinahitaji nini hasa, jibu ni mambo mawili: Sada ana kofia, na kofia haipo. Kitabu kizima basi kinakuwa hivi, ukurasa kwa ukurasa:

1. Sada ana kofia. Kofia ni kubwa.
2. Leo kofia haipo.
3. Kofia iko wapi?
4. Sada anatafuta juu ya kiti. Kofia haipo.
5. Sada anatafuta juu ya meza. Kofia haipo.
6. Sada anatafuta chini ya meza. Kofia haipo.
7. Sada anakaa. Sada analia.
8. Miau! Miau!
9. Paka yuko wapi?
10. Sada anatafuta chini ya kiti.
11. Kofia ipo! Paka yupo!
12. Lala, paka. Lala.

Ni maneno 54, lakini maneno tofauti ni 23 tu. "Kofia" imetokea mara nane. "Anatafuta" ndilo neno pekee la silabi tano, nalo limerudi mara nne. Silabi zake zote ni nyepesi, irabu tupu au konsonanti na irabu, ndiyo maana nililichagua.

Tazama ukurasa wa 4 hadi wa 6. Kati ya 4 na 5 limebadilika neno moja, kiti kuwa meza. Kati ya 5 na 6 limebadilika moja tena, juu kuwa chini. Ukurasa wa 10 hauna neno jipya hata moja: "chini" imetoka ukurasa wa 6, "kiti" imetoka ukurasa wa 4. Hapo ndipo kofia ilipo, na mtoto makini anaweza kupagundua kabla ya Sada, kwa kuwa amekwisha kuona kwamba mahali hapo hapajaangaliwa.

Sasa ile "yuko". Kurasa nane zimepita na mtoto amezoea "iko" na "haipo". Paka anapoingia, sarufi inalazimisha "yuko" na "yupo". Ningeweza kuikwepa, lakini nimeiacha makusudi, kwa sababu umbo la neno linageuka pale pale kisa kinapogeuka: sasa anatafutwa kiumbe hai. Mtoto anayesikia Kiswahili nyumbani atakuwa na "yuko" masikioni tayari, na sikio litalisaidia jicho.

Neno "kubwa" lina kazi gani? Naona halirudi tena.

Linafanya kazi kwenye picha ya mwisho. Kofia ni kubwa, ndiyo maana paka amelala ndani yake. Ingekuwa ndogo kisa kisingewezekana. Sifa ambayo haihitajiki baadaye, kama rangi ya kofia, iachie picha.

Picha ibebe kiasi gani?

Picha ibebe yote ambayo maneno hayana nafasi ya kubeba, lakini isiyatangulie mahali pabaya. Katika ukurasa wa 4 mchoraji anaweza kuchora ncha ya mkia ikichungulia chini ya kiti. Mtoto akiiona, amepata siri. Akiikosa, hajapoteza kitu. Katika ukurasa wa 10, kinyume chake, paka asionekane waziwazi, maana macho yatakimbilia picha na sentensi haitasomwa. Acha afungue ukurasa ndipo aone.

Jambo jingine: kila nomino ya ukurasa iwepo kwenye picha, na ichorwe bila utata. Kiti kinachofanana na meza ndogo kitaharibu kurasa tatu za hadithi hii.

Je, mwisho uwe na funzo?

Hapana. "Sada alijifunza kutunza vitu vyake" ni sentensi ya mtu mzima iliyoingia kitabuni bila kualikwa, tena ina maneno manne mapya mahali ambapo mtoto amechoka zaidi. Ukurasa wa mwisho uwe mwepesi kuliko yote. "Lala, paka. Lala" ina silabi mbili mbili, na mtoto anafunga kitabu akiwa ameshinda.

## Ukurasa wenyewe

Mstari niukate wapi?

Mahali pumzi inapokatika. "Sada anatafuta" juu, "juu ya kiti" chini. Usiache "ya" ikining'inia mwisho wa mstari, na kamwe usikate neno kwa kistari ili lienee.

Herufi ziwe kubwa, kiasi cha pointi 18 hadi 24, nafasi kati ya maneno iwe wazi, na maandishi yakae sehemu ile ile kila ukurasa, juu ya rangi tupu. Maneno yaliyochapwa juu ya majani na mawingu ya picha hayasomeki kwa mtoto huyu. Chagua pia mwandiko ambao herufi "a" inafanana na ile anayoandika kwa mkono.

Nitenganishe silabi kwa vistari, kama ko-fi-a?

Katika zoezi la darasani, sawa. Katika hadithi, usifanye. Mtoto anahitaji kuliona neno likiwa na sura yake ili siku moja alitambue bila kulipanda.

Nina hadithi ya kurasa 13. Kuna tatizo?

Kwa mchapaji lipo. Kijitabu cha kubana kwa pini hukunjwa karatasi kwa karatasi, na kila karatasi inatoa kurasa nne, hivyo jumla lazima igawanyike kwa nne. Kisa cha kurasa 12 na kurasa nne za jina la kitabu na taarifa nyingine hufanya 16.

## Kujaribu na kurekebisha

Nitajuaje kwamba kinasomeka?

Kaa na mtoto ambaye hajawahi kuisikia hadithi. Mpe nakala, nawe shika yako na kalamu. Asome kwa sauti. Weka alama kwenye kila neno alilokosea na hakurudi kulirekebisha, na kila alilokuomba umsaidie. Walimu wengi wa kusoma hutumia kipimo hiki: akipata maneno 95 au zaidi katika 100, kitabu anakiweza peke yake, chini ya 90, kinamwelemea. Kwa maneno 54 ya Sada, makosa mawili yanavumilika. Yakifika sita, kitabu si cha mtoto huyo kwa sasa.

Kisha fanya na watoto wengine watatu au wanne. Kosa la mtoto mmoja ni la mtoto. Kosa lile lile kwa watoto watatu ni la mwandishi. Mwishoni usiulize "umeelewa?", kwa sababu wote watasema ndiyo. Sema, "Hebu nisimulie."

Mtoto anasoma ukurasa wa 5 na 6 bila hata kuangalia maneno. Je, marudio yamezidi?

Sikiliza anachosema kwenye neno lililobadilika. Akisema "juu ya meza" katika ukurasa wa 6, anakariri. Akisita kidogo kisha akasema "chini", basi anasoma, na wepesi ule mwingine ndio tuliokuwa tunautafuta. Ndiyo maana kila ukurasa wa marudio unahitaji neno moja linalogeuka. Bila hilo huwezi kutofautisha kusoma na kukumbuka.

## Hali za pembeni

Naweza kuandika kwa vina?

Unaweza, ila vina hula maneno. Ukitafuta neno la kumalizia kwa "-ka", utajikuta umeingiza "hakika" au "bila shaka" ambazo mtoto hazihitaji. Marudio ya sentensi nzima, kama "Kofia haipo", yanatoa mdundo bila gharama hiyo.

Mazungumzo je?

Yawe machache, na msemaji ajulikane kwa picha. Alama za kufungua na kufunga usemi zinachanganya macho, hasa zikiwa moja moja karibu na neno lenye ng'. Tumia zile za mbili mbili.

Msomaji wangu anajifunza Kiswahili kama lugha ya pili. Kitabu hiki hiki kitafaa?

Silabi zitamfaa, sarufi itamsumbua. Yale niliyoyaachia sikio katika mfano wa Sada yeye hana sikio la kuyaokoa: "iko" na "yuko" kwake ni mageni yote mawili, na "haipo" haimpi dalili kwamba imetoka kwa "ipo". Kwa mtoto huyo mimi huongeza kurasa mbili mwanzoni, "Kofia ipo. Paka yupo.", kabla kitu hakijapotea, picha ikionyesha vyote viwili. Kurasa hizo zinanilazimu kupunguza mahali pengine, na huwa naondoa ukurasa wa 5 pamoja na ule wa 7. Meza inabaki ukurasa wa 6, chini yake pakiwa patupu.